"Uko Wapi?": Jinsi ya Kumjibu Msimamizi Ukiwa Umeshachelewa

Kwa miaka kadhaa nilikuwa msimamizi wa zamu katika kituo cha mafuta kilichoko upande wa Fire, jijini Dar es Salaam. Zamu ya usiku ilikabidhi kwa zamu ya asubuhi saa 1 kamili. Asiyewahi kufanya kazi hiyo hudhani kukabidhiana ni kupeana mkono na kuondoka. Sivyo. Mhudumu anayetoka na anayeingia husimama pamoja kwenye pampu, wakasoma mita, wakaandika tarakimu kwenye daftari, na wote wawili wakatia saini. Kisha anayetoka huhesabu fedha zake na kuzilinganisha na lita alizouza. Zikipungua, hiyo ndiyo tunaiita shoti, naye atailipa mwenyewe. Ndiyo maana hakuna mhudumu mwenye akili timamu anayekubali kuiacha pampu bila mwenzake kuona mita. Mmoja akichelewa asubuhi, kuna mwingine aliyekesha usiku kucha ambaye hawezi kwenda kulala.

Nayasema haya kwanza kwa sababu ujumbe wa "uko wapi?" unaotoka kwa msimamizi husomwa vibaya na wengi. Mfanyakazi aliyebanwa kwenye daladala, moyo ukimwenda mbio, huuona kama kesi iliyofunguliwa dhidi yake, naye huanza kujitetea. Lakini mara nyingi msimamizi ana maswali mawili tu kichwani. La kwanza: mtu wangu yu salama? La pili: nimsubiri, au nipange mtu mwingine? Jibu lisilogusa hayo mawili, hata likijaa samahani, humwacha palepale alipokuwa.

Asubuhi moja ya masika mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mhudumu wetu mmoja wa zamu ya asubuhi, dada mwenye bidii ambaye hakuwa na kawaida ya kuchelewa, aliishi Kimara na alikuja kwa mwendokasi. Kwa wasioijua njia hiyo: mabasi ya mwendokasi yalianza kufanya kazi mwaka 2016, na yale ya Kimara hushuka Barabara ya Morogoro kupitia Ubungo, Manzese na Magomeni, kisha huvuka bonde la Mto Msimbazi pale Jangwani ndipo yafike Fire na kuendelea mjini. Bonde hilo likijaa maji barabara hufungwa. Magomeni na Fire ni jirani kabisa kwa siku ya kawaida, lakini Jangwani pakifungwa huwa kama miji miwili tofauti.

Saa 1:10 nilimwandikia: "Mdogo wangu uko wapi? Ni salama lakini?" Dakika mbili baadaye likaja jibu: "Nimekaribia kaka."

Nikamwambia kijana wa usiku avumilie kidogo, mwenzake amekaribia. Akakaa kwenye kiti kando ya pampu namba 2, macho mekundu, koti la mvua mwilini. Saa 1:30 nikauliza tena. "Niko njiani, dakika tano." Saa 1:50 sikujibiwa, ujumbe ulikuwa na tiki mbili za bluu, maana yake ameusoma. Saa 2:35 akatokea amelowa chapachapa, anatetemeka. Tangu saa 1:10 alikuwa amekwama Magomeni Mapipa, na hakuwa amesema uongo kwa nia mbaya. Kwa ramani alikuwa amekaribia kweli. Alichoniambia kilikuwa umbali, nami nilihitaji saa.

Kijana wa usiku aliondoka karibu saa 3. Kama ningejua saa 1:10 kwamba dada huyu hatafika kabla ya saa 2:30, ningesoma mita mimi mwenyewe pamoja na kijana yule, nikaishika pampu namba 2 kwa jina langu, naye angekuwa nyumbani mapema. Kilichotugharimu asubuhi ile hakikuwa mvua. Mvua hatukuwa na uwezo nayo. Kilichotugharimu ni neno "nimekaribia".

Kiswahili chetu kina maneno mengi ya namna hiyo, na tunayapenda kwa sababu yanatuliza. "Niko njiani" husemwa na aliyeko kwenye basi na aliye bafuni. "Nafika sasa hivi" inaweza kuwa dakika tatu au saa nzima. "Naingia" husemwa na mtu ambaye bado anatafuta nauli. Kati ya marafiki wanaokwenda harusini maneno haya hayana madhara, maana kila mtu anajua namna ya kuyapima. Kazini yanaumiza, kwa sababu msimamizi anapanga watu kwa kuyategemea.

Basi jibu zuri lianze na nini? Lianze na usalama, hasa pale swali lenyewe limekuja kwa wasiwasi. "Niko salama" ni maneno mawili, lakini aliyekaa akiwaza ajali ya bodaboda huyatafuta hayo kwanza. Kama hauko salama, umeanguka au umeibiwa, nalo lije mwanzo kabisa, kabla ya jambo lolote la kazi.

Hapa najua pana ugumu wa adabu. Tumelelewa kusalimia kwanza, na kumwandikia mkubwa bila salamu ni kumkosea. Lakini fikiria jinsi ujumbe unavyopokewa. Simu ya msimamizi iko mezani au mfukoni, yeye anahudumia watu. Kioo kikiwaka kinaonyesha maneno machache ya mwanzo tu. Kama maneno hayo ni "Shikamoo bosi, habari za asubuhi, natumaini umeamka salama, kwanza kabisa naomba radhi", basi ameona salamu na hajaona habari. Shikamoo ni neno moja. Liandike, kisha ingia kwenye jambo. Hakuna mzee niliyemfahamu aliyelalamika kwamba shikamoo ilikuwa fupi.

Baada ya usalama, taja mahali kwa jina. Si "kwenye foleni", si "huku barabarani", bali "Magomeni Mapipa", "Ubungo mataa", "Buguruni Sheli". Jina la kituo lina faida kubwa kuliko inavyodhaniwa: msimamizi anayeijua njia hukadiria mwenyewe, na pengine ana mtu mwingine wa zamu aliyeko karibu na hapo. Pia jina humzuia mwandishi kujidanganya. Ni rahisi kuandika "nimekaribia" ukiwa Kimara. Ni vigumu kuandika "niko Kimara, nimekaribia" bila kusita.

Sehemu iliyo ngumu zaidi ni saa ya kufika, na hapa ndipo wengi huharibu. Tukiulizwa tunataja muda ambao safari hutumia siku ikiwa nzuri, tena tunahesabu mwendo wa gari peke yake. Tunasahau kusubiri gari, kubadili gari, na kutembea kutoka kituoni hadi mlangoni. Dawa yake ni kuikata safari vipandevipande na kukadiria kila kipande kwa hali ya leo, si ya jana.

Turudi kwa yule dada. Saa 1:10 yuko Magomeni Mapipa, Jangwani pamefungwa. Njia iliyobaki ni kuzunguka: apande mwendokasi wa Barabara ya Kawawa hadi Morocco, pale achukue daladala la Posta linalopita Daraja la Salenda, kisha kutoka Posta atafute bodaboda au bajaji hadi Fire. Kusubiri na kufika Morocco, tuseme dakika 15. Kusubiri daladala Morocco kwenye mvua, wakati kila aliyezuiwa Jangwani yuko palepale akigombea mlango, dakika nyingine 15. Morocco hadi Posta kwa foleni ya asubuhi, dakika 30. Posta hadi Fire, dakika 15. Jumla ni saa moja na robo, yaani saa 2:25. Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu, na ilikaribia ukweli kwa dakika 10.

Saa 2:25 usiiandike hivyo. Andika saa 2:40. Msimamizi aliyeambiwa 2:40 akakuona 2:25 atafurahi, na mpango aliouweka haujaharibika. Aliyeambiwa 2:10 akakuona 2:25 ameshaaibika mbele ya watu aliowaahidi. Dakika zako za aibu zinakusukuma utaje saa ya karibu ili ujibu zima moto, zikatae. Kutaja saa ya mbali kunauma mara moja, kutaja ya karibu kunauma kila robo saa.

Nina sababu ya kusema "saa 2:40" badala ya "baada ya saa moja na nusu". Ujumbe husafiri vibaya. Mtandao unakatika, bando linaisha, msimamizi yuko kwa mteja. Ukiandika "dakika 20" saa 1:15, akausoma saa 1:35, atahesabu dakika 20 tangu lini? Saa ya ukutani haichakai. Tena uandike "saa 2:40 asubuhi", kwa kuwa ofisi nyingi sasa zina wageni au watu wa makao makuu wanaosoma saa kama inavyoonekana kwenye simu, ambako 08:40 ndiyo saa 2:40 yetu. Nimewahi kuona mkutano mzima ukivurugika kwa sababu mmoja aliandika "saa nane" akifuata simu, mwingine akaelewa saa nane mchana. Kama kuna shaka, andika zote mbili.

Kisha kuna kipande ambacho karibu kila mtu hukisahau, nacho kwangu mimi ndicho kinachomtofautisha mfanyakazi mzoefu: sema ni nini kinachokungoja wewe pale kazini. Wewe ndiye mwenye ufunguo wa kabati? Sema ufunguo wa akiba uko wapi. Kuna mteja uliyempa miadi saa 2? Mtaje. Kuna mtu wa usiku anayekusubiri? Mwombee aondoke. Msimamizi hajui yote unayoyashika, na akiyagundua wakati mteja yuko mbele yake, hapo ndipo hasira huanza.

Ukiyaweka pamoja, jibu la asubuhi ile lingekuwa hivi:

"Shikamoo kaka. Niko salama, nipo Magomeni Mapipa. Jangwani pamefungwa, nazungukia Morocco na Posta. Nitafika saa 2:40 asubuhi. Naomba wa usiku asinisubiri, msome naye mita ya pampu namba 2. Samahani sana."

Halijai kiganja. Samahani imekuja mwisho na imekuja mara moja, nayo inatosha. Samahani tano mfululizo humlazimisha msimamizi aanze kukubembeleza, na muda huo hana. Mkionana ana kwa ana, hapo omba radhi kwa kirefu, na usimsahau yule aliyekusubiri. Yeye ndiye aliyelipa.

Utaona pia kwamba sababu imetajwa kwa maneno mawili tu, "Jangwani pamefungwa". Hadithi ndefu ya sababu haina kazi saa hiyo. Na kama sababu ni kwamba ulichelewa kuamka? Andika "nimechelewa kuamka". Najua inauma. Lakini pancha za kubuni na misiba ya kubuni hugundulika kwa urahisi wa ajabu, kwa kuwa kuna mfanyakazi mwenzako aliyepanda basi lilelile, au shangazi uliyemzika mwezi uliopita anapiga simu ya kazini. Nilikuwa na kijana aliyeniandikia mara mbili kwa mwaka mmoja kwamba amelala kupita kiasi. Siku ya tatu aliponiambia basi limeharibika, sikuuliza hata swali moja. Mwingine ambaye kila siku alikuwa na ajali mpya sikuweza kumwamini hata siku mtoto wake alipougua kweli, na hilo linanisikitisha mpaka leo.

Yapo mambo ambayo mtu hataki kuyaandika, na hana lazima. Ugomvi wa nyumbani, ugonjwa wa faragha, mtoto aliyepelekwa hospitali usiku. Inatosha kusema: "Nina dharura ya nyumbani, nitakueleza nikifika." Hiyo si kuficha, ni kuahirisha. Ila saa ya kufika ibaki palepale kwenye ujumbe, na kama huna hakika utafika kabisa, sema hivyo: "Leo sitafika kabla ya saa 6 mchana, na huenda nisifike. Naomba nipangiwe mtu." Msimamizi akiambiwa hayo saa 1 asubuhi bado ana nafasi ya kumpigia mwingine kabla hajavaa kwenda kwenye shughuli zake. Akiambiwa saa 4 hana lolote la kufanya.

Ukishataja saa, ilinde. Kama ulisema 2:40 na saa 2:20 bado uko Morocco, andika tena saa hiyohiyo, kabla ya 2:40 kupita: "Kaka daladala hakuna, sasa ni saa 3:10." Ujumbe wa pili unaokuja kabla ya ahadi kuvunjika ni taarifa. Unaokuja baada yake ni udhuru. Na kama hakuna kilichobadilika, usiandike kila dakika tano ukisema umefika wapi, tayari ameshapanga.

Kuna siku kujibu kwenyewe ni kugumu. Ukiwa umekaa dirishani kwenye daladala lililosimama, kutoa simu ni kumwita kibaka. Nimepoteza mmoja wa wahudumu wangu kwenye mtandao kwa wiki nzima kwa sababu simu yake ilinyakuliwa Manzese akinijibu mimi. Simu ishushwe mapajani, au mwombe wa ndani mbadilishane nafasi, au subiri ushuke. Ukiwa unaendesha gari au pikipiki, usijibu kabisa mpaka usimame kando; hakuna msimamizi mwenye utu anayetaka jibu lililoandikwa kwenye usukani. Bando likiisha, ujumbe wa kawaida wa simu bado unafika, na ukikosa salio hata la huo, mwombe abiria mwenzako, lakini anza na jina lako: "Mimi fulani wa pampu namba 2, natumia simu ya mtu." Kubipu peke yake hakusemi kitu. Namba ya msimamizi iandike kwenye karatasi ndani ya pochi, kwa maana siku simu inapozima ndiyo siku utakayogundua kwamba hakuna namba unayoikumbuka.

Wengine siku hizi hutuma ramani ya mahali walipo kupitia WhatsApp, ile inayomwonyesha mtu akisogea. Programu hiyo hukupa kuchagua dakika 15, saa 1 au saa 8. Mimi nasema si mbaya pale mnapoaminiana na njia ni ya kutatanisha, ila chagua dakika 15, na usiache ikafanya kazi siku nzima ukiwa umeisahau. Hata hivyo ramani haitoi saa ya kufika wala haisemi nani ashike pampu. Na msimamizi anayeidai kila asubuhi kutoka kwa kila mtu ana tatizo jingine ambalo ramani haitalitibu.

Nimalizie upande wa wasimamizi, maana nilikuwa mmoja wao na nilikosea mara nyingi. Ujumbe wenye alama tatu za kuuliza huzaa jibu la woga, na jibu la woga ni "nimekaribia". Nilipoanza kuandika "Uko salama? Nikupangie mtu hadi saa ngapi?" nilianza kupata saa za kweli. Swali lile lilikuwa limeshamwambia mtu kwamba sitafuti kosa. Makosa yana wakati wake. Kanuni za Utendaji Bora za Tanzania, zilizotolewa mwaka 2007 chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, zinasema kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi, isipokuwa liwe zito kiasi kwamba uhusiano wa kazi hauvumiliki tena. Kuchelewa kwa mvua si kosa la namna hiyo. Lakini siku barua ya onyo itakapojadiliwa mezani, majibu aliyoandika mfanyakazi asubuhi zile ndiyo yatakayofunguliwa kwenye simu na kusomwa, na yule aliyetaja mahali na saa huwa na cha kuonyesha.

Na yule dada? Tulikaa tukazungumza siku ileile, nikamweleza habari ya kijana wa usiku, naye akamfuata akamwomba radhi. Wiki chache baadaye, kabla masika hayajaisha, Jangwani pakafungwa tena. Safari hii hakusubiri niulize. Saa 12:55 simu yangu ikawaka: "Shikamoo kaka, niko salama, Magomeni, Jangwani pamefungwa, saa 2:30 asubuhi, wa usiku aende." Tukasoma mita, kijana akatia saini, akaondoka saa 1:20. Dada alipofika saa 2:15, yule kijana alikuwa ameshalala.